Kisima kipo, maji yana mwisho: niuze ndoo au nifanye nini?

*Kamwene mshauri. Tunaishi jirani na Ilula, mkoani Iringa. Mume wangu alichimbisha kisima cha mita 80, tukaweka pampu ya kuzama ya nguvu farasi moja na tenki la lita 5,000. Bomba la mtaa hutoa maji siku moja kwa wiki, na wiki nyingine halitoi kabisa, kwa hiyo majirani wamezoea kuja kwetu na ninawauzia ndoo kwa shilingi 50. Shemeji anataka tuoshe magari na bodaboda, mwenzangu wa kikoba anasema nigandishe barafu za watoto, mwingine anasema tufyatue tofali. Akiba yangu ni shilingi 700,000. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mwezi wa tatu tenki lilijaa kwa saa nne, lakini sasa mwezi wa kumi linachukua saa tano na nusu. Biashara gani italipa bila kuua kisima?*

*Mama wa watoto wanne, Ilula*

Kamwene, mama. Naanza na tenki, kwa sababu saa hizo tano na nusu ndizo zitakazoamua biashara.

Lita 5,000 kwa saa nne ni lita 1,250 kila saa. Kwa saa tano na nusu ni kama lita 900. Tangu masika umepungukiwa na zaidi ya robo ya maji, na mvua bado. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yameshuka ndani ya kisima. Pampu inayavuta kutoka chini zaidi, na kadiri inavyoyapandisha mbali ndivyo inavyotoa kidogo. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayofanana na hilo na hayahusiani na kisima kabisa. La kwanza ni umeme mdogo. Siku moja usipampu mchana kutwa, halafu washa saa moja jioni upime ndoo. Ikiwa ndoo inachelewa kuliko asubuhi ilhali kisima kimepumzika, mwite fundi umeme kwanza. La pili ni mchanga au kutu kwenye chujio la pampu. Jaza maji kwenye chupa nyeupe dakika ya kwanza ya kupampu, iache saa moja, uangalie kitako chake. Ukiona mchanga umetulia chini, pampu inahitaji kutolewa na kukaguliwa kabla hujaiongezea kazi.

Kama si hayo, pima kisima chenyewe. Huhitaji kifaa cha mtaalamu. Chukua ndoo ya lita 20 yenye alama, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na daftari. Washa pampu asubuhi kisima kikiwa kimelala, kinga ndoo pale bomba linapoingia kwenye tenki, uandike sekunde zilizotumika. Rudia kila nusu saa kwa saa nne. Kwa kasi ya lita 900 kwa saa, ndoo itajaa kwa sekunde 80. Tuseme ndoo ya kwanza imechukua sekunde 72, ya nne 80, na kuanzia hapo zote 80 au 81. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa maji yameshuka mpaka mahali fulani yakatulia, na kinachoingia kutoka kwenye mwamba kinalingana na kinachotoka. Lakini ukiona 80, kisha 90, kisha 110, na bomba linaanza kutema hewa na kukohoa, zima papo hapo. Maji yamefika kwenye pampu. Mota ya pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayoizunguka, na ikizunguka kavu hata kwa dakika chache waya zake huungua. Kwa sababu hiyo, kabla ya biashara yoyote, mwambie fundi akufungie kifaa kinachoizima pampu chenyewe maji yakipungua kisimani. Ni gharama ndogo ukilinganisha na pampu mpya na kazi ya kuvuta mabomba yote juu.

Kesho yake asubuhi pima ndoo moja tu. Kama inachukua sekunde 72 kama ya jana, kisima kimejaza nafasi yake usiku. Endelea kuandika namba hiyo ya asubuhi kila siku kwa wiki mbili. Ikiwa inapanda taratibu, 72, 74, 77, unachota zaidi ya kinachorudi, hata kama mchana maji yanaonekana mengi. Watu wengi huharibu visima vyao kwa kutoiona namba hii.

Nitachukua kwamba kipimo chako kimetulia kwenye sekunde 80. Kwa saa nne utapata lita 3,600. Usizipangie matumizi zote. Panga theluthi mbili, yaani lita 2,400, na theluthi inayobaki iwe ya mwezi wa kumi na moja mvua zikichelewa. Nyumba yenu pamoja na kuku na mbuzi wachache itatumia kama lita 400. Biashara ina lita 2,000 kwa siku, si zaidi. Kwa kipimo hicho tuyapime mawazo uliyopewa.

Kuosha magari nakukataza waziwazi. Gari moja linaweza kunywa lita 100 au zaidi, na maji yake machafu yana oili, dizeli na sabuni, yatakayozama ardhini hatua chache kutoka kisimani. Utakuwa unalipwa ili uchafue kitu unachouza. Tofali zinakula maji mengi kwa mkupuo na bei yake inategemea zaidi udongo na kuni kuliko maji, kwa hiyo kisima hakikupi nafasi ya pekee mbele ya mfyatuaji aliye karibu na mto. Barafu si wazo baya, ila ni chakula cha watoto. Bila maji kupimwa maabara, bila friza na umeme wa uhakika, usiiguse.

Ndoo endelea nazo. Majirani wanahitaji maji, na biashara nyingine yoyote utakayofanya nyuma ya ukuta haitakaa kwa amani ikiwa wao wanarudi na madumu matupu. Lakini tazama zinachokupa. Ndoo 80 kwa siku ni lita 1,600 na shilingi 4,000. Pampu yako huvuta kama kilowati 1.1, na lita hizo huihitaji ifanye kazi karibu saa mbili, yaani uniti mbili za umeme. Angalia pia LUKU yako: kama nyumba iko kwenye tarifa ya chini inayokomea uniti 75 kwa mwezi, pampu ya biashara itakutoa humo, na uniti itakuwa kama shilingi 350. Hesabu hivyo tangu mwanzo. Kwa mwezi utaingiza 120,000, umeme 21,000, na nakusihi utenge 30,000 za pampu, kwa kuwa siku itakufa tu. Unabaki na kama 69,000 kwa lita 48,000 za maji. Inasaidia sukari na daftari za shule, lakini usiitegemee kama biashara pekee, na huwezi kuikuza kwa sababu kisima hakikui.

Kwa hiyo jiulize ni kitu gani hapo Ilula kinachotaka maji kidogo sana, lakini kwa uhakika, kila siku bila kukosa, na mtu yuko tayari kukilipia vizuri. Jibu unapita nalo barabarani kila siku likiwa kwenye matenga: nyanya. Nakushauri uoteshe miche ya nyanya kwa oda.

Sababu ni hii. Mkulima wa nyanya wa ukanda wenu akinunua mbegu chotara, pakiti ndogo inamtoka fedha nyingi, na kila punje ina bei yake. Akiisia kitaluni bondeni, siku mbili tatu za kukosa maji mwezi wa kumi zinatosha kuunguza kitalu kizima, au inzi weupe wanaipata miche ikiwa na majani mawili na kuipa ugonjwa wa rasta ambao hauna dawa. Anachokosa ni mtu mwenye maji ya kila siku, neti na mkono makini kwa wiki nne hadi tano. Shamba lake litanywa maji ya mto au ya mvua. Wewe unamlea mtoto tu, kisha unamkabidhi. Mwanzoni usinunue mbegu wewe. Yeye alete pakiti yake isiyofunguliwa, wewe umtoze kwa kila mche uliosimama siku ya kuchukua.

Ekari moja ya nyanya huhitaji miche kati ya 9,000 na 11,000 kulingana na nafasi. Kwa trei za matundu 128, trei 80 ni matundu 10,240. Trei moja hunywa chini ya nusu lita kwa siku ikiwa changa, na karibu lita moja ikikaribia kutoka. Kwa mwezi mzima, pamoja na kuosha trei, ekari nzima ya miche haitakumaliza lita 2,000. Hizo ni ndoo 100, ambazo kwa majirani zingekupa shilingi 5,000.

Tufanye hesabu ya mkupuo mmoja, na bei hizi uzibadilishe kwa za kwenu. Ukitoza shilingi 40 kwa mche na ikasimama 9,200, unapata 368,000. Udongo, pumba na kuni 45,000. Mbolea na dawa 25,000. Trei kwa 2,500 kila moja ni 200,000, na ukizitunza zitarudi mara tano, kwa hiyo mkupuo mmoja unabeba 40,000. Banda la neti, tuseme limekula 350,000 na litadumu miaka mitatu kwa mikupuo mitatu kila mwaka, nalo linabeba kama 40,000. Kinachobaki ni karibu 218,000 kwa lita 2,000, wakati ndoo zilikupa 69,000 kwa lita 48,000. Ila mkupuo wa kwanza fanya trei 40 tu, nusu ekari, kwa mteja mmoja unayemfahamu. Akiba yako itatosha banda, trei na udongo, na 200,000 ibaki mkononi isiguswe.

Banda liwe mita 3 kwa 6. Nguzo za mikaratusi, juu na pembeni neti ya wadudu yenye matundu 50 kwa inchi, ile inayozuia hata inzi mweupe. Neti ya mbu haitoshi. Chini ifukiwe ardhini sentimita 20, na mlango uwe wa mara mbili: unaingia wa kwanza, unaufunga, ndipo unafungua wa pili. Ndani jenga vichanja viwili vya mianzi, kila kimoja upana mita 1.1 na urefu mita 5.6, juu ya ardhi kimo cha kiuno. Kila kichanja kitabeba trei 40, na katikati kuna njia ya kupita mtu na keni. Mianzi iachane vidole viwili. Trei isikae chini wala juu ya ubao uliofunga, kwa sababu mizizi inapotoka kwenye tundu la chini na kukuta hewa hukauka ncha na kutawanyika ndani, hivyo mche unatoka na donge lililoshikana. Ikikuta udongo inashuka moja kwa moja, na siku ya kuchukua unaing'oa vipande vipande. Jua likiwa kali mchana, tandaza neti ya kivuli juu kwa saa chache, halafu iondoe. Kivuli cha kutwa hutoa miche mirefu, myembamba, inayolala.

Udongo ndipo wengi wanapofeli. Changanya sehemu mbili za udongo mweusi wa msituni, sehemu moja ya samadi iliyoiva kabisa isiyo na harufu, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, si majivu meupe. Pumba utazipata kwenye mashine za mpunga wa Pawaga bila taabu. Chekecha kwa wavu mdogo. Kisha upike: kata pipa, weka maji sentimita 15 chini, juu yake wavu na gunia, mimina udongo wenye unyevu kidogo, funika, washa moto. Weka kiazi mviringo kibichi katikati ya udongo. Kikiiva, udongo nao umeiva, na vimelea vya kinyausi na vya mnyauko vimekufa. Mwaga juu ya turubai safi, uache siku mbili tatu upoe na kupumua. Usiurudishe mahali ulipokuwa udongo mbichi, na usiukoroge kwa koleo lililotoka shambani, vinginevyo umepika bure. Trei moja inachukua kama lita tatu.

Jaza trei bila kushindilia, lowesha mpaka maji yaanze kutona chini, kisha toboa kila tundu kina cha sentimita moja, punje moja kila tundu, funika kwa udongo mwepesi. Kazi hii ifanye mteja akiwepo. Fungueni pakiti pamoja, hesabuni pamoja, na andika kwenye daftari jina la mbegu, namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, tarehe na idadi. Pakiti tupu uitunze. Mbegu ikiota nusu, ugomvi utaisha kwa kutazama trei ya jirani yake: ikiwa mbegu ya mteja mwingine imeota vizuri kwenye udongo uleule na maji yaleyale, tatizo lilikuja na pakiti.

Panga trei moja juu ya nyingine, zifunike kwa nailoni, ziweke ndani ya chumba chenye joto. Kuanzia siku ya tatu chungulia asubuhi na jioni. Unaangalia kitanzi cheupe kinachoinuka kutoka kwenye udongo, kimejikunja kama ndoano, bado hakijavua kofia ya punje. Ukiviona vitanzi vichache tu katika trei, zote zihamie kwenye vichanja saa hiyohiyo. Ukisema “nitazitoa kesho,” kesho utakuta nyuzi nyeupe ndefu zinazotafuta mwanga, na hizo hazirudi kuwa miche. Miezi ya kipupwe, Juni na Julai, uotaji unaweza kuchukua siku kumi au zaidi, basi mwambie mteja mapema ili asiandae shamba kabla ya wakati.

Mwagilia kwa keni yenye kichwa cha matundu madogo, asubuhi, jua likianza kupanda. Shika udongo kwanza. Kama tundu bado lina unyevu na trei ukiinyanyua ni nzito, iache. Pembeni mwa kichanja hukauka haraka kuliko katikati, kwa hiyo pembeni hurudiwa adhuhuri. Usimwagilie jioni. Kinyausi hupenda majani na udongo uliolala na maji. Utakijua hivi: shina linakuwa laini na jeusi pale linapogusa udongo, linabana kama limefungwa uzi, mche unaanguka ukiwa bado kijani, na ukitazama vizuri iliyoanguka imejipanga duara kutoka kona moja. Toa trei hiyo nje ya banda mara moja, zinyime maji za jirani kwa siku moja, fungua hewa. Kisha tafuta ulipokosea, na karibu kila mara ni udongo ambao haukuiva, trei ambazo hazikuoshwa, au maji ya jioni. Trei zilizorudi ziloweke nusu saa kwenye maji yenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, zisuuzwe, zianikwe juani.

Jani la kwanza la kweli likifunguka, anza mbolea ya maji ya 19:19:19, gramu 20 kwenye ndoo ya lita 20, mara mbili kwa wiki badala ya maji ya asubuhi. Usizidishe ili mche uwahi. Mche wa nyanya uliolishwa sana una majani mapana ya kijani kizito na shina laini, na ukifika shambani unalala siku nne. Siku saba za mwisho punguza maji, ondoa kivuli kabisa, uache majani yalegee kidogo mchana kabla hujamwagilia. Mche uko tayari ukiwa na majani manne hadi matano, urefu wa sentimita 12 hivi, na ukiuvuta polepole unatoka na donge lote la udongo, mizizi myeupe imelizunguka.

Wageni wa banda ndio hatari kubwa kuliko wadudu. Mteja atataka kuona miche yake kila wiki, na anatoka kwenye shamba lenye kanitangaze na rasta. Aitazamie nje ya neti. Mtu anayevuta sigara au kunusa tumbaku asiguse mche kabla ya kunawa kwa sabuni, kwa sababu virusi vya batobato vinavyoshambulia tumbaku na nyanya hukaa mikononi. Na usipande hata shina moja la nyanya, bilinganya au pilipili nyuma ya nyumba yako. Ninajua linauma kuwa na maji na usile nyanya yako mwenyewe. Panda mchicha.

Kabla ya yote haya, peleka maji ya kisima yapimwe chumvi. Kipimo cha mkononi kikisoma chini ya mikrosiemens 800, huna shaka. Kikipita 1,500, miche michanga itaanza kuungua ncha za majani na utaona ukoko mweupe juu ya udongo wa trei. Basi itabidi uchanganye na maji ya mvua ya paa, au uachane na kitalu ubaki na ndoo. Hilo pia ndilo linanifanya nisikupeleke kwanza kwenye miche ya parachichi, ingawa Njombe na Iringa wote wanaitafuta. Parachichi huchukia chumvi kuliko nyanya, na mche wa kubebesha unakaa kwako karibu mwaka kabla ya kulipwa. Ikija, iwe baada ya mikupuo kadhaa ya nyanya kukulipa trei na banda.

Malipo: nusu siku ya kusia, nusu siku ya kuchukua, na dhamana ya trei irudishwe zikirudi nzima. Andika pia siku ya mwisho ya kuchukua. Mche wa wiki sita ndani ya tundu dogo umezeeka, unatoa maua ungali kwenye trei, na lawama zitakujia wewe ilhali shamba lake ndilo halikuwa tayari. Kwa kuanzia, wateja wa Oktoba na Novemba ndio watakaokuhitaji zaidi, kwani mabonde yamekauka na wao wanataka miche iwe tayari mvua zikishika. Mwulize afisa ugani wa kata nani anaandaa shamba.

Kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, na maji yake yakitumika kibiashara, kinahitaji kibali cha matumizi ya maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa eneo lenu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko Iringa mjini. Nenda na karatasi za mchimbaji. Ndani yake utakuta pia kina ambacho pampu imetundikwa na kiasi cha maji kilichopimwa siku ya kuchimba, namba mbili utakazotaka kuzilinganisha na daftari lako.

Bomba la ndoo litoke nje ya ukuta, juu ya kibaraza cha zege chenye mfereji unaopeleka maji yaliyomwagika mbali na kisima, ili mtu asiingie uani na matope yasirudi kisimani. Fungua asubuhi mpaka saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi hadi ndoo 80 ziishe. Ziandike namba ukutani kwa chaki, kila mtu azione zikipungua. Lita 400 za nyumba na 100 za kitalu zibaki kwenye tenki kabla bomba la nje halijafunguliwa.

Jumamosi hii fanya kipimo cha ndoo cha saa nne. Ukituandikia sekunde za ndoo ya kwanza, za ndoo ya mwisho na za ndoo ya kesho yake asubuhi, pamoja na kipimo cha chumvi, nitakwambia kama uanze na trei 40 au 20.